Kukosa tenda ya usafi Njiro, na imeili iliyoleta jibu la maana

Kuna mama mmoja wa Moshi ana kampuni ya usafi, siyo kubwa sana, ana wafanyakazi wa kutosha kuhudumia majengo mawili matatu kwa wakati mmoja. Alipeleka tenda kwa shirika moja lenye ofisi zake Njiro, Arusha, akakosa. Jina lake naliacha na la shirika naliacha pia, hayaongezi kitu hapa. Mimi nasaidia watu kuandaa makabrasha ya tenda kwa hiyo nimo kwenye kisa kwa sababu moja tu, alinitumia rasimu ya imeili ya kuwauliza kwanini amekosa, kabla hajabonyeza kutuma. Amekubali niiweke hapa na yote yaliyofuata maana wengi wanaopeleka tenda huku wanaandika imeili za namna ileile na hawajibiwi, au wanajibiwa kile kijibu cha ushindani ulikuwa mkali basi imeisha.

Tenda yenyewe ilikuwa ya mwaka mmoja, usafi wa ofisi na bustani ndogo, wafanyakazi tisa na msimamizi mmoja. Bahasha mbili. Ya kwanza ya ufundi ina alama 70, ya pili ya bei ina alama 30. Kwenye kabrasha la shirika, ukurasa ambao watu huwa wanauruka, iliandikwa kwamba asiyefikisha alama 49 kwenye ufundi bahasha yake ya bei haitafunguliwa. Bei aliyoweka huyu mama ni shilingi 4,200,000 kwa mwezi. Baada ya wiki kadhaa, ijumaa jioni, ikaingia imeili ya mistari miwili, tunasikitika kukujulisha kwamba zabuni yako haikufanikiwa, tunakutakia kila la heri. Sababu hamna, alama hamna, aliyeshinda hatajwi.

Sasa yeye akashaamua sababu ni bei. Kasikia kwa watu aliyepata kaweka milioni tatu na laki nane, kasikia tu, hakuna karatasi. Mpango wake ulikuwa tenda ijayo ashushe mpaka 3,600,000 ili asikose tena. Na rasimu ya imeili aliyonitumia ilikuwa hivi, nimefupisha kidogo:

> Ndugu,
>
> Nimepokea barua yenu kwa masikitiko makubwa. Kampuni yangu ina uzoefu wa miaka mingi na bei yetu ilikuwa ya haki kabisa. Naomba kujua ni nani aliyeshinda, aliweka bei gani na ana kitu gani ambacho sisi hatuna, kwa sababu tunafahamu kuna kampuni changa zinapewa kazi huku zenye uzoefu zinaachwa. Naomba pia mnitumie alama za washiriki wote ili nijiridhishe kwamba haki imetendeka. Naambatanisha tena tenda yetu mkaiangalie upya. Niko tayari kuja Arusha tuonane sehemu tuzungumze vizuri kwa kirefu.
>
> Nakala: Mkurugenzi

Hasira zinaeleweka jamani, mtu kakesha, kalipia kuchapa na kufunga makabrasha, katuma kijana na basi mpaka Arusha kudondosha bahasha kabla ya dedlaini. Lakini hebu kaa upande wa yule afisa manunuzi uisome hiyo imeili. Ndani yake hakuna hata swali moja analoweza kulijibu. Bei ya mwenzako na alama zake ni siri ya mwenzako, mashirika mengi hayazitoi, hata miradi inayofadhiliwa na Benki ya Dunia ambako aliyekosa ana haki kabisa ya kuomba maelezo, kanuni zao zinasema maelezo hayo hayatakuwa na ulinganisho wa kipengele kwa kipengele kati ya tenda yako na ya mwingine. Kwa hiyo ukiuliza ana nini ambacho mimi sina umemfungia mtu mdomo mwenyewe.

Kingine ni hiyo nakala kwa mkurugenzi. Ukishaweka nakala kwa bosi, hiyo siyo imeili ya kuomba mrejesho tena, ni malalamiko, na malalamiko yana njia yake. Afisa hatajibu mwenyewe, ataipeleka kwa bosi wake, bosi ataipeleka kwa mtu wa sheria, na mtu wa sheria ataandika sentensi isiyo na kitu ndani maana ndo kazi yake. Maneno ya "nijiridhishe kwamba haki imetendeka" yanafanya kitu hichohicho. Ofisi inawaza moja tu, hiki tutakachomwandikia kesho tutakikuta kwenye rufaa? Ikishawaza hivo inakaa kimya.

Na ile ya tuonane sehemu tuzungumze vizuri. Najua kwa huyu mama alimaanisha kuzungumza tu, hana mambo mengi. Lakini afisa manunuzi akisoma tuonane sehemu anasoma nyama choma na bahasha ya kaki, na hata asiposoma hivo yeye, mkaguzi akija kufungua mafaili atasoma hivo. Omba simu ya dakika chache saa za kazi au uonane naye ofisini kwake, basi. Na msijaribu kumtafuta kwenye namba yake binafsi ya wasapu, hata kama mnasali kanisa moja.

Kuambatanisha tenda upya ni kosa dogo ila linaudhi. Wanayo. Kilichotakiwa ni namba ya tenda na tarehe ya barua yao ili waipate kwenye faili bila kutafuta.

Lakini tatizo kubwa la rasimu ile mimi naliona pengine kabisa. Tuseme wangemjibu kila kitu, aliyeshinda fulani, bei yake kadhaa. Angefanya nini na hilo jibu? Angeshusha bei. Na hapo ndo pa kukaa, kwa sababu tenda ya bahasha mbili inaweza kukuangusha kwenye hatua tatu tofauti na kila hatua dawa yake ni nyingine kabisa.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi wa nyaraka, usajili wa BRELA, cheti cha mlipakodi, leseni ya biashara, kwa kazi ya usafi na cheti cha usalama mahali pa kazi cha OSHA na cha mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF. Hapo hamna alama, ni ipo au haipo, ukikosa kimoja wanakuweka pembeni hata kama kampuni yako ni nzuri kuliko zote. Hatua ya pili ni ufundi, unapewa alama. Ya tatu ni bei. Mtu aliyeanguka hatua ya kwanza dawa yake ni kufuata cheti. Wa pili dawa yake ni kubadilisha namna anavyothibitisha mambo yake. Wa tatu tu ndo anahitaji kuangalia bei. Ukitibu bei wakati ulianguka ufundi, utaanguka tena palepale, safari hii ukiwa na bei ya hasara.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye imeili ni moja, nilifika hatua ipi. Ni swali zuri kwa sababu linahusu tenda yako tu, halimgusi mshiriki mwingine, na linajibika kwa maneno matatu. Afisa hana haja ya kuomba ruhusa kwa mtu kulijibu. Swali la pili ni kipengele gani kilinishusha zaidi, na kama inawezekana alama zangu mwenyewe kwa kila kipengele. La tatu ndo lenye faida kuliko yote kwa tenda ijayo na watu hawaliulizi, je, kuna kitu nilikisema lakini ushahidi wangu haukutosha? Maana kamati haikupi alama kwa unachokisema, inakupa kwa kilichoambatanishwa, na wewe mwenyewe hutakaa ulione hilo pengo kwa sababu unajua kazi ulizifanya kweli, ziko kichwani mwako.

Imeili aliyotuma mwisho wa siku ni hii. Alituma jumatatu baada ya ile ijumaa, kwenye anuani ileile iliyomletea barua ya kukosa, bila nakala kwa mtu. Kabrasha la tenda lilikuwa la Kiingereza ila wale maafisa na watu wa huku wanaandikiana Kiswahili, kwa hiyo hakuna haja ya kujikakamua na lugha ya watu.

> YAH: OMBI LA MREJESHO, TENDA YA HUDUMA ZA USAFI NA. ____
>
> Ndugu Afisa Manunuzi,
>
> Asante kwa barua yenu ya ijumaa iliyotujulisha kuwa hatukufanikiwa kwenye tenda tajwa hapo juu. Tumeyapokea matokeo na ombi hili siyo rufaa. Tunataka kuandaa vizuri zaidi tenda zinazofuata, hivyo tunaomba utusaidie kwa haya matatu yanayohusu tenda yetu peke yake:
>
> 1. Tenda yetu iliishia hatua ipi: nyaraka, ufundi au bei?
> 2. Kama ni ufundi, ni kipengele kipi kilitupunguzia alama zaidi? Kama taratibu zenu zinaruhusu, tutashukuru kupata alama zetu wenyewe kwa kila kipengele.
> 3. Kuna mahali tulieleza jambo lakini ushahidi tulioambatanisha haukukidhi kabrasha lilivyotaka?
>
> Hatuombi taarifa za washiriki wengine. Majibu mafupi yanatosha kabisa, na kama ni rahisi kwako kuongea kuliko kuandika, tunaweza kupiga simu ya ofisi saa utakayotupangia.
>
> Asante kwa muda wako.

Angalia ile sentensi ya hatuombi taarifa za washiriki wengine. Hiyo ndo inayomtoa afisa kwenye woga. Na majibu mafupi yanatosha inamwondolea uvivu, kwa sababu mara nyingi watu hawakujibu siyo kwa ubaya, wanaona unataka ripoti na wana tenda nyingine nne mezani. Maswali yamepewa namba makusudi, ili akitaka ajibu moja, mbili, tatu kwenye simu yake akiwa kwenye daladala.

Ila hiyo sentensi ya "ombi hili siyo rufaa" muwe nayo makini. Huyu mama aliiandika kwa sababu kweli hakuwa na nia ya kulalamika na shirika lile ni binafsi, halina utaratibu wa rufaa wa kisheria kama serikali. Kama ni tenda ya umma mambo ni tofauti kabisa. Tenda za umma sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, na kabla ya mkataba kutolewa washiriki wote wanapata ilani ya kusudio la kutoa tuzo, humo kuna jina la anayekusudiwa kupewa, bei yake na sababu ya wewe kukosa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatoa siku tano za kazi tu za kupeleka malalamiko kwa afisa masuuli wa taasisi, na usiporidhika hapo ndo unakwenda kwenye mamlaka ya rufaa za zabuni za umma, PPAA. Siku tano zinaisha haraka hujui hata zimeendaje, na kuomba mrejesho kwa imeili hakuzisimamishi. Kwa hiyo soma kwanza ile sababu kwenye ilani, ukiona siyo kweli, mfano wameandika hukuweka cheti na wewe unaona kabisa ulikipakia, hiyo ni ya kulalamika kwa njia yake tena mapema, usipoteze siku kwa kuandika imeili za upole. Ukiona ni kweli ndo uombe ufafanuzi wa kujifunza. Na kama mradi una fedha za Benki ya Dunia na tangazo limesema kuna kipindi cha kusubiri, ombi la maelezo linatakiwa kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi tangu upate taarifa, ukichelewa wanaweza kukujibu lakini huwezi kuwalazimisha wasubiri.

Kwa mashirika binafsi, hoteli, shule za binafsi na makampuni ya utalii ambayo Arusha yamejaa, hakuna anayelazimika kukujibu. Unaomba hisani. Ndo maana namna ya kuomba ina uzito kuliko kwa serikali.

Jibu lilikuja alhamisi. Lilikuwa fupi:

> Habari mama. Tenda yenu ilipita nyaraka. Kwenye ufundi mlipata 43, haikufika 49, kwa hiyo bahasha ya bei haikufunguliwa. Uzoefu 10 kati ya 25, mpango wa kazi 15 kati ya 20, wafanyakazi 9 kati ya 15, vifaa 9 kati ya 10. Kwenye uzoefu kamati iliona barua za wateja lakini haikuweza kuthibitisha ukubwa wa kazi. Karibuni tena.

Rudia kusoma hapo, bahasha ya bei haikufunguliwa. Bei yake hakuna mtu aliyeiona. Yule aliyesemekana kaweka milioni tatu na laki nane hakumshinda kwa bei hata kidogo, na mama angeandika shilingi mia mbili kwa mwezi matokeo yangekuwa yaleyale.

Sasa tupige hesabu ya ule mpango wake wa kushusha bei. Kabrasha lilisema mwenye bei ya chini kabisa anapata 30 zote na wengine wanapata bei ya chini gawanya kwa bei yao zidisha 30. Tuchukue ule uvumi kama kweli, mwenzake kaweka 3,800,000 na ndo ya chini. Mama kwa 4,200,000 angepata 27 na ushee. Akishusha mpaka 3,600,000 anakuwa yeye wa chini, anapata 30. Yaani laki sita kila mwezi, milioni saba na laki mbili kwa mwaka, inamnunulia alama zisizofika tatu. Na laki sita kwenye kazi ya usafi haitoki kwenye sabuni, inatoka kwenye mishahara, maana mishahara na michango ya NSSF ndo karibu gharama yote. Upande wa pili kwenye uzoefu alikuwa ameacha alama 15 mezani na kuzipata hakuna gharama zaidi ya kufuatilia karatasi.

Alivyosoma jibu akanipigia, barua nimeweka nne! Wanasemaje hawakuthibitisha! Tukafungua kabrasha pamoja. Lilidai kazi tatu za ukubwa unaofanana ndani ya miaka mitano, kila moja na nakala ya mkataba au oda ya manunuzi, pamoja na barua ya mteja kwamba kazi ilifanyika vizuri. Barua zake nne nzuri kabisa zina mihuri, lakini moja imesema "tunaifahamu kampuni hii na inafanya kazi nzuri ya usafi," imeishia hapo. Haina tarehe ya kuanza, haina thamani, haijasema ni jengo la vyumba vitatu au ghorofa tano. Mtu wa kamati ambaye hajui hata Moshi ofisi ile ilipo atajuaje kama ni kazi inayofanana na ya Njiro? Kampa alama za kuonea huruma, kumi. Na mikataba hakuambatanisha kwa sababu kwa wateja wawili hana, mmoja anampa oda kila miezi mitatu na mwingine, lodji moja, walikubaliana kwa mdomo na kazi inaendelea tu mpaka leo.

Hili la kufanya kazi kwa mdomo liko sana huku na siyo kwamba ni ujinga, mteja anakuamini unamwamini, pesa inaingia kila mwisho wa mwezi. Ila kwenye tenda kazi isiyo na karatasi haipo.

Nikamwambia usiwajibu kwa kubishana, hata kama ungekuwa na haki, tathmini imeshafungwa. Jibu kwa shukrani na uliza kitu kimoja tu kitakachokusaidia. Akaandika asante kwa majibu ya wazi, tumeelewa, naomba kufahamu tu kama oda za manunuzi za miezi mitatu mitatu kwa mteja mmoja zinaweza kuhesabika kama kazi moja zikiwa na barua ya mteja inayotaja jumla. Kesho yake afisa kapiga simu mwenyewe, shikamoo mama, ndiyo zinahesabika, ila zipange kwa mfuatano na barua itaje kipindi chote na thamani yake, kamati isianze kujumlisha yenyewe. Na akaongeza kitu ambacho hakukiandika kwenye imeili, kwamba wasifu wa msimamizi haukusainiwa na cheti chake cha huduma ya kwanza kilitajwa lakini hakikuwemo. Hizo ndo zile alama sita za wafanyakazi. Naona vitu vya namna hii watu wanavisema kwa simu kirahisi zaidi, kwa hiyo ukiona ofisi imejibu vizuri mara ya kwanza mpe nafasi ya kukupigia.

Wangekaa kimya je? Subiri kama siku saba za kazi, kumbusha mara moja kwa kujibu palepale chini ya imeili ya kwanza, na safari hii punguza maswali yabaki moja, hatua ipi. Wakinyamaza tena achana nao, tafuta mwenyewe kwenye kabrasha, chukua kila kipengele chenye alama weka kidole kwenye ukurasa wa tenda yako wenye ushahidi wake, pale kidole kinapokosa pa kutua ndo pana uwezekano mkubwa ulipoangukia. Na wakikujibu kwa maneno ya jumla, ushindani ulikuwa mkali na kadhalika, hilo nalo siyo jibu la kukasirikia, rudisha swali la ndiyo au hapana, je, bahasha yetu ya bei ilifunguliwa? Ndiyo au hapana mtu anaandika hata akiwa na haraka, na inakupa nusu ya unachotafuta.

Kazi ya wiki zilizofuata haikuwa ya kuandika tenda, ilikuwa ya kuzunguka kwa wateja. Kwa kila mteja aliandaa rasimu ya barua mwenyewe, mahali jengo lilipo, ukubwa, idadi ya wafanyakazi, kazi ilianza lini, malipo ya mwezi na jumla, akampelekea mteja ahakiki, aweke kwenye karatasi yenye nembo yake na asaini. Mteja hana muda wa kukutungia barua, ukimwachia atakuandikia ileile ya tunaifahamu kampuni hii. Pale palipokuwa na ubishi wa kiasi alichukua risiti zake za EFD, zikamaliza maneno. Yule wa lodji akakubali kuandikiana mkataba kuanzia mwezi uliofuata, lakini kwa miaka iliyopita akakataa kurudisha tarehe nyuma na alikuwa sahihi, huo ungekuwa mkataba wa kughushi. Wakaishia kwenye barua ya kueleza kwamba kampuni ilitoa huduma tangu mwaka fulani kwa malipo ya kiasi fulani, na risiti nyuma yake. Siyo sawa na mkataba na kuna kamati zitaikataa, kwa hiyo kwenye orodha ya kazi tatu hiyo aliiweka ya nne, kama ya ziada.

Tenda iliyofuata ilikuwa ya chuo kimoja hapahapa Moshi. Bei hakushusha, aliweka kwa hesabu ileile ya mshahara na sabuni. Kakosa tena, lakini safari hii barua ya kukosa ilisema kafaulu ufundi na amezidiwa jumla. Kwa hiyo imeili ya safari hii haina swali la hatua wala la ushahidi, ina swali moja, bei yetu ilikuwa juu ya makadirio yenu au ndani yake? Hilo baadhi ya ofisi hukubali kujibu kwa sababu halitaji bei ya mtu. Wakisema ndani, aliyeshinda ana gharama ndogo kuliko zake au amejilipua, na wa kujilipua huwa anaonekana mwezi wa tatu tu pale wafanyakazi wanapoanza kudai. Wakisema juu, ndo sasa tukae na ile karatasi ya gharama tuone kama kweli jengo lile linahitaji watu wote tuliowaweka.